Krismasi peke yako kwa bedsita Nairobi: mwongozo wa kuipitisha siku pole pole

Kuanzia tarehe 20 Desemba hivi ploti inabadilika sauti. Watoto wa floo ya pili hawako, redio ya jirani imenyamaza, kwa tangi la maji hakuna foleni tena, na ukipanda ngazi usiku unasikia viatu vyako peke yake. Watu wameenda ushago. Wewe umebaki, labda juu uko na shifti tarehe 24 na tarehe 26, labda nauli imepanda hadi ukahesabu ukaona ukienda na kurudi hakuna kodi ya Januari, labda kuna mambo ya nyumbani ambayo hutaki kuyaeleza mtu. Sababu yoyote ile, mwongozo huu ni wa yule mtu mmoja kwa chumba kimoja, mbali na mama na ndugu, ambaye tarehe 25 atakuwa ofu na hana mahali anatarajiwa.

Mimi nimepitisha Krismasi tatu hivyo, Zimmerman, nyumbani kwetu ikiwa upande wa Kakamega. Ya kwanza iliniumiza vibaya sana. Nilikuwa nimejiambia ni siku kama siku zingine, sikupanga chochote, nikaamka saa nne, duka la chini limefungwa, mkate hakuna, gesi ikaisha chai ikiwa jikoni, halafu saa saba wakanipigia vidio wote wakiwa kwa meza chini ya mwembe. Baada ya hiyo simu nililala nikiangalia ukuta mpaka giza likaingia. Ya pili na ya tatu zilikuwa tofauti kabisa na tofauti haikutokana na mimi kuwa mtu wa nguvu, ilitokana na kujua ni saa gani hasa zinauma na kuziwekea kitu mapema.

Saa zenyewe ni tatu. Ya kwanza ni dakika chache baada ya kukata simu ya nyumbani. Ya pili ni mchana kuanzia kama saa nane mpaka kumi na mbili, ile saa watu wameshakula wameketi wanapiga stori. Ya tatu ni jua likizama, na hapa Nairobi mwezi wa 12 giza linaingia kama saa kumi na mbili unusu hadi saa moja. Saa zingine zote za siku utazipita bila shida kubwa, kwa hivyo panga hizo tatu kwanza halafu zingine zitajipanga.

Hatua ya 1: Waambie nyumbani mapema, na pesa itangulie

Usingoje tarehe 24 ndio useme hauji. Ukichelewesha, mama anakuwekea kuku, wadogo zako wanakungoja stendi, halafu habari ikifika inafika ikiwa machungu na wewe unaibeba hiyo hatia siku nzima ya Krismasi. Ifikapo tarehe 18 au 20 piga simu, ongea na yule mmoja ambaye ndiye kiungo cha boma, kwetu ni mama, na sema wazi bila kuzungukazunguka. Mimi nilisema hivi: "Mama, mwaka huu sitafika Krismasi, kazi haijaniachilia na nauli imekuwa juu. Nimekutumia kitu kidogo ya sukari na unga. Tarehe 25 nitakupigia saa tatu asubuhi kabla hamjaanza kupika." Akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa mwanangu, bora uko salama." Ikaisha hapo.

Ona kwamba ndani ya hayo maneno kuna vitu viwili. Pesa imetumwa tayari, na saa ya simu imewekwa. Hiyo ya pesa ni ya maana sana juu kitu kinachoharibu asubuhi ya Krismasi ya mtu aliye peke yake ni jumbe za "nisaidie na kitu" zikiingia moja baada ya nyingine na wewe unajisikia kana kwamba unahitajika kwa M-Pesa tu, si wewe kama mtu. Amua kiasi unachoweza bila kugusa kodi, ukigawe ni kwa nani na nani, kitume kufikia tarehe 22. Atakayeomba tarehe 25 mjibu kwa upole kwamba ulishatuma kwa mama. Usianze kuhesabu upya siku hiyo.

Hatua ya 2: Nunua tarehe 23, si 24

Tarehe 24 bucha ziko na foleni ndefu na mama mboga wako huenda ameshapanda basi. Tarehe 25 yenyewe maduka mengi ya mtaani yanafungwa na supamaketi zinazofungua zingine hufunga mapema, kwa hivyo usiitegemee. Kabla ya tarehe 23 kuisha, hakikisha uko na tokeni ya stima ya kutosha siku nne hivi, mtungi wa gesi umeupima kwa kuutingisha na kama ni mwepesi umebadilisha, jerikeni mbili za maji zimejaa hata kama mifereji inatoka, na bando ya simu. Haya yanaonekana madogo lakini gesi ikiisha tarehe 25 saa tano na hakuna wa kukuletea, inaonekana kana kwamba dunia nzima imekusahau, na shida halisi ni gesi tu.

Chakula nunua cha kupika kweli. Usikubali siku hiyo iwe ya indomi au chipsi ya jana. Tena usinunue kama unalisha boma, juu ukipika sufuria kubwa halafu ukale peke yako mpaka tarehe 28, kila ukifungua friji au ile sufuria unakumbuka. Mimi napika pilau ya sahani mbili. Yangu, na moja ya kupeana, nitaeleza ni ya nani.

Hatua ya 3: Tafuta ile sahani ya pili ni ya nani

Hii ndio hatua nzito na ndio watu wengi wanairuka. Tarehe 24 jioni kaa nje kidogo uangalie ni dirisha gani ziko na taa, au muulize keateka nani amebaki. Utashangaa. Kuna askari wa geti ambaye hawezi kutoka, kuna yule msichana wa hospitali mwenye shifti ya usiku, kuna mzee wa floo ya chini ambaye watoto wake wako mbali, kuna Mkongo au Mganda ambaye kwao ni mbali zaidi ya kwenu. Chagua mmoja. Usiwaandalie pati, juu pati inakupa presha ya kusafisha nyumba na kungoja watu ambao labda hawatakuja, na ukingoja mtu asiyekuja Krismasi, hiyo inauma kuliko kuwa peke yako tangu mwanzo.

Sema hivi, na useme ukiwa umesimama, kwa njia ya kawaida: "Boss, kesho niko, napika pilau, nitakushushia sahani kama saa saba." Basi. Haujamwomba aje, haujamwomba akae, hakuna kitu anaweza kukataa kikakuaibisha. Na kwetu unajua sahani hairudi tupu. Askari wa ploti yetu alinirudishia yangu jioni ikiwa na ndizi mbili na machungwa, tukaongea kwa geti kama nusu saa kuhusu Kitui na mvua, na hiyo nusu saa iliangukia ile saa ya tatu mbaya, ya giza kuingia. Sikuwa nimepanga mara ya kwanza. Mwaka uliofuata nilipanga, nikamwambia nitashuka kuchukua sahani saa kumi na mbili na nusu.

Kama kwa ploti hakuna mtu kabisa, tafuta kanisa. Makanisa mengi yako na ibada usiku wa tarehe 24 na asubuhi ya 25, na hata kama haujaingia mwaka mzima hakuna atakayekuuliza. Ukienda ya usiku, nenda ya karibu unakoweza kurudi kwa miguu kwa njia yenye watu, au panga na bodaboda unayemjua kabla ya kutoka, juu matatu za kurudi mtaani usiku huo ni chache na kusimama stendi peke yako saa sita usiku si salama. Kama ni ya mbali, afadhali ile ya asubuhi.

Hatua ya 4: Simu ya nyumbani, saa tatu asubuhi

Amka kama saa moja, oga, tandika kitanda, vaa nguo nzuri. Si lazima iwe mpya. Ukikaa na zile za kulalia mpaka mchana siku inakuwa nzito tu.

Saa tatu piga simu kama ulivyoahidi. Kwa nini saa tatu? Juu saa saba au nane ndio wako wote kwa meza, simu inapitishwa kutoka mkono hadi mkono, kila mtu anakupa sekunde kumi, "sema, uko poa, mbona haukukuja," mtandao unakatikakatika, huku nyuma wanacheka kitu ambacho haukusikia, halafu mtu anasema "wacha tule" na simu inakatwa. Hapo unabaki umewaona wote na haujaongea na yeyote. Asubuhi mama yuko jikoni peke yake anachagua mchele, ana dakika ishirini zako. Ongeeni sauti tu, si vidio, na muulize kitu chenye jibu refu: anapika nini na nani, nani amefika jana, yule ng'ombe alizaa, kuku alichinjwa na nani. Wacha akupeleke kwa hiyo boma kwa maneno. Kabla ya kukata, taja siku mtakayoongea tena, hata kama ni kesho jioni.

Sasa ile saa ya kwanza mbaya ni dakika hizi unakata simu. Dawa yake ni ndogo na inafanya kazi: usikate simu ukiwa umekaa kitandani. Kabla ya kupiga, weka nyama kwa moto. Yaani ukimaliza tu kuongea kuna sufuria inachemka inakuhitaji, kuna vitunguu vya kukata. Machozi yakikuja wacha yakuje hapo hapo juu ya vitunguu, hakuna shida, mikono iendelee.

Wakikupigia vidio saa nane unaweza kuchukua, salimia dakika tatu, uwaambie unakula na umefurahi kuwaona, kata wewe. Ukikata wewe haiumi kama ukikatiwa.

Hatua ya 5: Pilau ya sahani mbili

Nyama ya ng'ombe yenye mfupa nusu kilo, ichemshe na chumvi, tangawizi na maji mengi kiasi kwa kama dakika arobaini, na ile supu usimwage. Mchele wa pishori vikombe viwili, uoshe uuloweke. Vitunguu viwili vikubwa ukate vyembamba ukaange kwa mafuta mpaka viwe kahawia kabisa, na hapa ndipo watu wanaharibu, wanatoa vikiwa bado vyeupe halafu pilau inakuwa na rangi ya ugonjwa wanaongeza rangi ya paketi. Subiri, inachukua robo saa au zaidi kwa moto wa kati. Weka saumu iliyopondwa, kijiko kimoja cha chakula cha pilau masala, nyama, ukaange kidogo. Kisha mwaga ile supu, ongeza maji ifike vikombe vitatu na nusu, ikichemka weka mchele. Maji yakikaribia kuisha punguza moto hadi chini kabisa, funika na sahani ya chuma, kaa dakika kumi na tano. Kachumbari ya nyanya mbili na kitunguu, na limau.

Nimeandika hii yote kwa makusudi. Inakula asubuhi yote iliyobaki, kutoka ile simu mpaka saa sita hivi, na chumba kinanuka kama nyumbani. Kama wewe ni wa chapati, basi chapati, kazi ya kukanda ni nzuri zaidi. Pakua kwa sahani, si kula kwa sufuria. Peleka ile ya pili kwanza ikiwa moto, halafu urudi ule.

Hatua ya 6: Toka nje kabla ya saa nane na nusu

Ukishakula tu mwili unataka kulala. Usilale. Ukilala saa nane ukaamka saa kumi na mbili kwa giza, bila kujua ni asubuhi au jioni, ile hali ya kuamka hivyo ni mbaya kuliko kitu chochote nilichosema hapa, na usiku hautapata usingizi.

Toka. Lakini chagua mahali. Hapa watu wanakosea, wanaenda mahali pa familia, wale watoto wenye baluni na foto za pamoja, halafu wanarudi wameumia. Mtu aliye peke yake anafaa kwenda mahali ambapo kutembea peke yako ni kawaida. Kwa Nairobi mimi naona ni kwa miti. Karura ndiyo kubwa, ina njia ndefu za kutembea na maporomoko ya maji, uwe tu umejiandaa kulipa kwa simu getini, na ukishapita sehemu ya kuegesha magari kelele za familia zinabaki nyuma. Ni msitu uliobaki juu Wangari Maathai na wenzake walisimama getini wakapigwa mwaka 1999 wakikataa unyakuliwe. Ukiwa upande wa mjini au Kilimani kuna Arboretumu karibu na Ikulu, iliyoanzishwa mwaka 1907 kujaribu miti, na mingi ina vibao vya majina. Mwaka wangu wa tatu nilijipa kazi ya kutafuta miti kumi ambayo pia iko kwetu na kumtumia mama picha moja moja kesho yake. Hiyo kazi ndogo ilinipa sababu ya kutembea saa mbili nzima bila kuzunguka kama mtu aliyepotea.

Beba maji, simu moja, pesa kidogo, kaa kwa njia zenye watu wanaopita, na uwe umetoka getini kabla ya saa kumi na moja ndio upate matatu mapema. Nauli siku hiyo inaweza kupanda, weka ya kurudi kando. Mvua ikinyesha au kama hauna nauli, tembea mtaani kwenu barabara kubwa kwenda na kurudi, saa moja inatosha.

Hatua ya 7: Giza likiingia

Fika nyumbani taa iwashwe kabla giza halijajaa. Chukua ile sahani, ongea na jirani kama yupo. Halafu simu: Wasapu zima zile statasi, au toka kabisa mpaka asubuhi, juu saa mbili usiku ndio watu wote wanaweka picha za siku, na utaangalia mia moja ukitafuta hujui nini. Usiandikie mtu mliyeachana. Unayemkosa saa hiyo ni mtu yeyote, si yeye.

Na pombe. Sisemi usiguse, najua ni Krismasi. Nasema usinywe peke yako ndani ya chumba. Bia mbili za kwanza zinakupa joto, halafu zinafungua kila kidonda, usingizi unakatika saa tisa usiku, na tarehe 26 unaamka chini zaidi. Chai ya maziwa, redio ikiongea Kiswahili taratibu, maji ya moto ya kuoga, lala saa nne. Redio ni bora kuliko filamu juu kuna mtu anayeongea sasa hivi, yuko kazini usiku huu huu kama askari wa geti.

Ukiona si upweke tu

Upweke wa siku unakuja kama wimbi, unapanda na kushuka, na ukipata mtu wa kuongea naye unapungua. Kama imekuwa wiki mbili au zaidi hauli, haulali au unalala tu, vitu ulivyopenda havina ladha, na hata ukiwa na watu haibadiliki, hiyo ni kitu cha kupeleka kwa kliniki baada ya sikukuu, si cha kuvumilia.

Na kama mawazo ya kufa yamekuja, usingoje asubuhi. Piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, haikatwi pesa, au Befrienders Kenya 0722 178 177. Toka ndani ya chumba ukae karibu na mtu, hata kwa geti na askari, umwambie tu "leo sijisikii vizuri, wacha nikae hapa." Kama kuna kitu chumbani unachofikiria kukitumia, mpe mtu akae nacho. Wengine huogopa kusema juu kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai, lakini Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba hicho kifungu ni kinyume cha katiba. Sema.

Tarehe 26 na baadaye

Tarehe 26 amka, mtumie mama zile picha za miti, osha nguo, rudi kazini kama una shifti. Halafu fanya hesabu ya safari. Wiki ya kwanza ya Januari mabasi ya kuja Nairobi yamejaa juu ya shule, lakini yanayoenda ushago siku hizo yana viti, na nauli ya kwenda inashuka. Omba ofu ya siku tatu katikati ya Januari wakati mwenzako aliyesafiri amesharudi, ulipie tiketi mapema, na ile simu ya tarehe 26 jioni umwambie mama tarehe kamili. Wangu alisema kuku mmoja amebakishwa, hatachinjwa mpaka nifike.